Mipaka ya uhakika isiyoendana na sampuli: dalili na vyanzo vyake

Tuanze na mstari mmoja wa jedwali. Wajawazito 64, wastani wa wingi wa damu 10.8 (gramu kwa desilita), SE 1.6, 95% CI 10.4–11.2. Nimeutunga kwa ajili ya kufundishia, ila mistari ya aina hii huwa inapita mbele ya macho yangu kila nikikaa kupitia tafiti. Una kosa, na ili kulibaini huhitaji data ya mtafiti. Kalamu na mgongo wa bahasha vinatosha.

Tukubaliane kwanza majina. Ile safu inayoandikwa SD nitaiita mchepuko sanifu: inaeleza watu wenyewe wametawanyika kiasi gani kuuzunguka wastani. SE ni kosa sanifu: inaeleza wastani wenyewe ungeyumba kiasi gani kama utafiti ungerudiwa kwa watu wengine wa idadi ileile. CI ni mipaka ya uhakika, wa chini na wa juu. Vitu hivi vitatu vimefungwa kamba moja:

```
SE = SD / √n
CI = wastani ± t × SE
```

Herufi n ni idadi ya watu waliopimwa. Herufi t kwenye sampuli ya watu sitini na kuendelea ni karibu 2, hivyo kwa ukaguzi wa haraka tumia 2. Kwa kuwa kamba ni moja, unaweza kuivuta kwa kurudi nyuma. Toa mpaka wa chini kwenye wa juu, gawa kwa mbili, upate nusu-upana. Gawa tena kwa mbili, hilo ni kosa sanifu. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha n, huo ni mchepuko sanifu. Kwenye mstari wetu: 11.2 toa 10.4 ni 0.8, nusu yake 0.4, nusu ya hiyo 0.2. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8, na 0.2 mara 8 ni 1.6.

Kwa hiyo 1.6 imekaa kwenye safu isiyo yake.

Dalili: SE ni kubwa kuliko nusu-upana wa mipaka

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Kosa sanifu halisi linatakiwa liwe kama nusu ya nusu-upana. Likiuzidi nusu-upana wenyewe, usihangaike na maelezo mengine: aliyeandika jedwali ameweka mchepuko sanifu chini ya kichwa cha SE. Kama 1.6 ingekuwa kosa sanifu kweli, mipaka ingekuwa 7.6 hadi 14.0, na utafiti wa wanawake 64 usingekuwa umetuambia chochote ambacho nesi wa kliniki hakijui tayari.

Kinyume chake hutokea pia, na ni kibaya zaidi kwa sababu hakipigi kelele. Mwandishi anaandika “wastani 10.8, SD 0.2”. Ukiitazama haraka unaiona namba ndogo nzuri. Sasa jiulize maana yake. Kwa kipimo kinachotawanyika kwa umbo la kengele, watu wawili kati ya watatu hukaa ndani ya mchepuko sanifu mmoja kila upande. SD ya 0.2 ingemaanisha wajawazito wengi wa kliniki hiyo wana damu kati ya 10.6 na 11.0. Aliyewahi kushika daftari la kliniki ya wajawazito anajua kwamba kwenye foleni ya asubuhi moja mwenye 8 hukaa benchi moja na mwenye 12. Namba hiyo haiwezi kuwa ya watu. Ni ya wastani, yaani ni kosa sanifu lililovaa jina la mwenzake.

Mimi mwenyewe niliwahi kulala nalo. Nilikuwa nakusanya tafiti kadhaa kuziunganisha, na moja ilitoa tofauti kubwa ajabu kati ya waliopewa vidonge vya madini chuma na wasiopewa. Nikaifurahia kwa siku mbili. Kisha dada mmoja tuliyekuwa tunaingiza naye data akaniambia, “Kaka, hebu zidisha hiyo SD kwa kipeuo cha n uone.” Nikazidisha. Nilichokuwa nimeingiza kama mchepuko sanifu kilikuwa kosa sanifu.

Tazama madhara yake kwa namba zetu. Tuseme tofauti kati ya makundi mawili ni 0.5. Ukiigawa kwa mchepuko sanifu wa kweli, 1.6, unapata 0.31, athari ndogo ya kawaida. Ukiigawa kwa 0.2 unapata 2.5, athari ambayo ukiiona kwenye lishe unapaswa kusimama na kushangaa. Imevimba mara 8, na 8 ni kile kipeuo cha 64. Kadiri sampuli inavyokuwa kubwa ndivyo kosa hili linavyozidi kuvimbisha matokeo.

Linaingiaje? Mara nyingi kwa kunakili tu. Matokeo ya SPSS huziweka safu mbili jirani, `Std. Deviation` na `Std. Error Mean`, na jicho lililochoka huruka safu moja. Njia nyingine ni alama ya ± isiyo na maelezo: makala inaandika “10.8 ± 1.6” na hakuna mahali panaposema hiyo ya pili ni nini. Hapo usibahatishe. Tafuta mipaka au thamani ya p popote kwenye makala, uvute kamba kurudi nyuma.

Dalili: SE inaonekana sawa, lakini mipaka haifiki mara mbili

Gawa nusu-upana kwa SE iliyoripotiwa, uone unapata ngapi. Ukipata 2 au pungufu kidogo, salama. Ukipata 1, “mipaka” hiyo ni wastani kujumlisha na kutoa kosa sanifu moja tu, ambayo ni kama asilimia 68. Hutokea sana pale mtu anaposoma vijiti vya kwenye grafu na kuviita CI. Ukipata karibu 1.64, mtafiti ametumia asilimia 90 na kusahau kubadilisha kichwa cha safu. Karibu 2.58 ni asilimia 99.

Ukipata 2.26, usikimbilie kulaumu. Hesabu watu kwanza. Sampuli ikiwa ndogo, t hupanda. Kwa watu 10 ni 2.262, kwa watu 16 ni 2.131, kwa watu 30 ni 2.045. Jambo hili tunadaiwa na William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin na kupima sampuli ndogo ndogo; mwaka 1908 alilichapisha chini ya jina la Student. Kwa hiyo hapa kosa linaweza kuwa upande wa pili: utafiti wa watu 10 ambao mipaka yake inatoa 1.96 kamili umetumia kanuni ya sampuli kubwa, na mipaka yake ni finyu kuliko inavyostahili. Kwenye Excel ni tofauti kati ya `CONFIDENCE.NORM` na `CONFIDENCE.T`, na wengi huichagua ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo wanayoikuta juu kwenye orodha.

Ukitaka jibu kamili badala ya 2 ya mkononi, kwenye R ni mistari mitatu:

```
n <- 64; m <- 10.8; s <- 1.6
se <- s / sqrt(n)
m + c(-1, 1) * qt(0.975, n - 1) * se
```

Itakupa 10.40 na 11.20.

Dalili: mipaka ni finyu kuliko n inavyoruhusu

Tuubadilishe mstari. Wanawake 64, wastani 10.80, SD 1.6 (safari hii imekaa mahali pake), lakini 95% CI ni 10.57–11.03. Nusu-upana ni 0.23, kosa sanifu kama 0.115. Sasa badala ya kutafuta SD, tafuta n: 1.6 gawa kwa 0.115 ni 13.9, na 13.9 mara 13.9 ni kama 193.

Utafiti unasema 64, hesabu inasema 193. Kabla ya kuandika neno “udanganyifu” pembeni, gawa moja kwa nyingine. 193 kwa 64 ni 3, na kidogo sana juu. Rudi kwenye sehemu ya mbinu usome kila mama alipimwa mara ngapi. Ukikuta “katika kila muhula wa ujauzito”, fumbo limekwisha: 64 mara 3 ni 192. Mtafiti aliingiza vipimo 192 kwenye programu kama vile ni wanawake 192, na programu haina namna ya kujua kwamba safu ya 1, ya 65 na ya 129 ni mtu mmoja. Mama mwenye damu ndogo mwezi wa tatu kwa kawaida ni yuleyule mwenye damu ndogo mwezi wa saba, hivyo kipimo cha pili hakileti habari mpya nzima, kinaleta kipande tu. Mipaka sahihi iko mahali fulani kati ya 10.57–11.03 na 10.4–11.2. Kadiri vipimo vitatu vya mtu mmoja vinavyofanana, ndivyo inavyosogea kwenye ile mipana.

Dalili ya chanzo hiki ni uwiano kuwa namba nzima au karibu nayo. Mbili: macho mawili, matiti mawili, kabla na baada. Tatu: ziara tatu. Nimewahi kuona 28, na kweli ilikuwa utafiti wa meno.

Zipo sababu halali pia. Kama wastani “umerekebishwa” kwa umri na wiki za ujauzito, sehemu ya mtawanyiko imeshaelezwa na modeli, na mipaka hupungua kihalali. Mtawanyiko unaotakiwa hapo ni wa masalio, siyo SD ya jedwali la kwanza. Na kama waliopimwa ni sehemu kubwa ya watu wote waliopo, mathalani 64 kati ya wajawazito 80 wa kata, mtafiti anaweza kupunguza kosa sanifu kwa kurekebisha kwa ukubwa wa jamii. Ila lazima aseme hivyo. Asiposema, swali linabaki kwake.

Dalili: mipaka ni mipana kuliko n inavyodai

Mstari wa tatu: n 64, wastani 10.8, SD 1.6, 95% CI 10.3–11.3. Nusu-upana 0.5, kosa sanifu 0.25, 1.6 gawa kwa 0.25 ni 6.4, kipeo chake cha pili ni 41.

Hapa pana kazi ya kweli, kwa sababu sababu mbili tofauti kabisa hutoa namba hiyohiyo. Lakini kwanza ondoa kisingizio cha desimali. Mpaka ulioandikwa 10.3 ungeweza kuwa chochote kati ya 10.25 na 10.35, na wa juu vivyo hivyo, kwa hiyo nusu-upana ni kati ya 0.45 na 0.55. SD ya 1.6 nayo ni kati ya 1.55 na 1.65. Ukirudia hesabu kwa pembe mbaya zaidi za pande zote mbili, n inaangukia kati ya kama 32 na 54. Masafa mapana, nakubali, na ndiyo maana sitaandika “41” kwenye maoni yangu kana kwamba ni ufunuo. Ila 64 haimo. Hilo linatosha kuuliza.

Sababu ya kwanza: waliosajiliwa walikuwa 64, waliopimwa damu ni wachache. Vifaa vya kupimia viliisha, wengine hawakurudi, na jedwali linabeba n ya usajili juu ya kila safu. Tafuta mstari wa “waliokosekana”, au linganisha na asilimia za jedwali lilelile. Kama makala inasema asilimia 53.7 walikuwa na upungufu wa damu, jaribu: 34 kati ya 64 ni 53.1, 35 kati ya 64 ni 54.7. Hakuna 53.7. Lakini 22 kati ya 41 ni 53.7 kamili. Umempata.

Sababu ya pili: wanawake hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Zilichaguliwa zahanati kwanza, kisha wanawake ndani ya zahanati. Wanaotoka zahanati moja hula chakula kinachofanana, huugua malaria msimu mmoja, hupimwa na mashine moja, kwa hiyo kila mmoja anasema kidogo kilichokwisha kusemwa na jirani yake. Kanuni yake ni hii, deff ikiwa namba ya kugawia n, m idadi ya watu kwa kila zahanati na ρ kiasi wanachofanana:

```
deff = 1 + (m - 1) × ρ
```

Zahanati 8, wanawake 8 kila moja, ρ ya 0.08: saba mara 0.08 ni 0.56, jumlisha moja ni 1.56. Gawa 64 kwa 1.56, unapata 41. Namba ileile, na safari hii mtafiti hana kosa. Amefanya kazi yake kuliko wengi. Tafiti kubwa za afya za kaya, kama zile za DHS, hufanya hivyo kila mara, na ukizikagua kwa SD gawa kwa √n utadhani zote zimekosewa.

Utawatofautishaje? Soma namna ya kuchagua sampuli. Neno “makundi” au “hatua mbili” likiwepo, ni sababu ya pili. Kuna alama nyingine ndogo: zahanati zikiwa 8 tu, programu inayojua kazi yake haitumii t ya watu 64, inatumia ya zahanati 8, ambayo ni 2.365. Mipaka ingekuwa 10.2 hadi 11.4. Ukikuta nusu-upana ni mkubwa kuliko mara mbili ya SE ilhali watu ni wengi, hesabu makundi.

Na sasa kosa la upande wa pili, ambalo ndilo linaloniudhi: utafiti wa zahanati 8 wenye mipaka inayolingana kabisa na 1.6 gawa kwa √64. Hesabu inakubali, jedwali ni safi, na ndiyo kwanza lina kasoro, kwa sababu makundi yamesahauliwa. Ukaguzi wa namba pekee haukuonyeshi hilo.

Dalili: wastani hauko katikati ya mipaka

Kwa wastani wa kawaida, jumlisha mipaka miwili, gawa kwa mbili, urudi kwenye wastani. Kwa desimali moja, vumilia tofauti ya 0.1, maana wastani na kitovu cha mipaka vinaweza kila kimoja kupotea 0.05. Ikizidi hapo, kwanza fikiria tarakimu iliyochapwa vibaya: 11.2 ikageuka 12.1.

Kisha fikiria logi. Vitu vyenye mkia mrefu kama feritini, idadi ya vimelea vya malaria au gharama za matibabu hupigiwa hesabu kwa logi na kurudishwa. Mipaka yake hukaa sawa kwa kuzidisha, siyo kwa kujumlisha. Vivyo hivyo safu za uwiano, yaani OR na RR. OR ya 2.0 yenye mipaka 1.2 na 3.4 ni nzima: 1.2 mara 3.4 ni 4.08, kipeuo chake 2.02. Lakini OR ya 2.3 yenye mipaka hiyohiyo imekaa katikati kwa kujumlisha, na kwa OR kukaa katikati namna hiyo ndiko kunakotia shaka.

Dalili: mipaka ni mizuri, wastani wenyewe hauwezekani

Hii hufanya kazi kwa vitu vinavyohesabiwa kwa namba nzima tu. Mahudhurio ya kliniki, wanawake 23, wastani 3.46. Jumla ya mahudhurio lazima iwe namba nzima. 79 gawa kwa 23 ni 3.43, 80 gawa kwa 23 ni 3.48. Hakuna jumla inayotoa 3.46. Nick Brown na James Heathers waliuita ukaguzi huu GRIM. Katika makala 71 za saikolojia walizoweza kuzikagua, 36 zilikuwa na angalau wastani mmoja usiowezekana. Kabla ya kushtuka, jaribu n ya jirani: 83 gawa kwa 24 ni 3.46. Pengine mama mmoja aliondolewa kwenye n na wastani haukupigwa upya. Kwa desimali mbili mbinu hii huishiwa nguvu n inapofika 100, na kwa wingi wa damu haifai, kwa kuwa kipimo chenyewe kina desimali.

Unapomwandikia mwandishi

Usimwandikie “takwimu zako si sahihi”. Mwandikie mstari, hesabu, na swali moja. Kwa mstari wetu wa kwanza mimi ningeandika hivi: “Katika Jedwali la 2, SE ya wingi wa damu ni 1.6 na n ni 64. Mipaka ya 10.4–11.2 inaashiria SE ya 0.2. Je, 1.6 ni SD?” Swali hilo hujibiwa kwa neno moja. Kwa ule wa tatu, omba vitu viwili tu: idadi ya waliopimwa damu kwa kila zahanati, na amri iliyotumika kwenye programu. Kikija cha kwanza peke yake, jumlisha. Ikifika 64, ni makundi. Ikifika arobaini na kitu, n ya juu ya jedwali ndiyo ya kusahihishwa.